Oktoba, mwezi wa kukaza mipini mjini Pweto

Oktoba ni mwezi mbaya kwa mipini mjini Pweto. Kiangazi kilichoanza Mei kimekwisha kukausha kila kipande cha mbao kilicho ndani na nje ya nyumba, mvua za Novemba bado hazijafika, na vichwa vya fagio na rakleti vinachomoka mikononi mwa akina mama kila asubuhi. Jumamosi ya salongo ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi. Watu wanatoka kufagia mbele ya nyumba zao na kando ya barabara, na kabla saa moja haijapita utaona mtu kashika mpini mtupu, kichwa cha ufagio kimebaki mchangani nyuma yake. Anaokota jiwe, anagonga, anaendelea, kisha kinatoka tena.

Rakleti, kwa msomaji ambaye hajaishi Katanga, ni ule mpira mrefu uliobanwa kwenye chuma, wenye mpini wa mti, wa kuvutia maji kwenye sakafu ya simenti. Ukiuzungushia kitambaa kilicholowa unapangusia nyumba, na katika nyumba nyingi za Pweto na Lubumbashi hicho ndicho chombo kinachofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mopu. Katikati ya chuma chake pameunganishwa kibomba kifupi, na mpini huchomekwa humo. Ufagio wa plastiki wa dukani, kwa upande wake, hauchomekwi bali huzungushwa, kwa kuwa mpini wake una hesi kwenye ncha na kichwa kina hesi ndani. Vyombo hivi viwili huharibika kwa sababu tofauti, lakini sokoni vyote hupewa dawa zilezile mbili, msumari na maji. Msumari hupigwa ubavuni mpaka mpini upasuke. Maji ni ile desturi ya kulaza kichwa ndani ya ndoo usiku kucha ili mti uvimbe na kushika.

Dawa hii ya maji inahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu inaaminika sana na ndiyo inayoua mipini mingi.

Mti uliokatwa hauachi kupumua unyevu. Hewa ikiwa na unyevu, mti huunyonya na kunenepa. Hewa ikikauka, mti huutoa na kukonda. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ile ya katikati ya masika, mbao iliyokaa ndani ya nyumba hutulia ikiwa na maji yanayokaribia asilimia 16 ya uzito wa mbao kavu kabisa. Hewa ikishuka hadi asilimia 40, maji hayo hushuka hadi kama asilimia 8. Kati ya msimu na msimu, basi, mpini hupoteza nusu ya maji yake bila mtu kuuweka juani wala kuukaribisha jikoni.

Kukonda huko hakulingani kila upande. Kwa urefu mti haubadiliki kiasi cha kuonekana, na mpini wa mita moja na nusu utabaki na urefu wake. Mabadiliko yako katika unene, na hata huko upande unaofuata duara za mti hukonda karibu mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda ganda. Chukua mpini wa mkaratusi, mti unaotumika sana kwa mipini ya bei nafuu, wenye kipenyo cha milimita 24. Mkaratusi ni miongoni mwa miti inayocheza sana, na kwa kila asilimia moja ya maji inayopotea, upande unaofuata duara hupungua takriban sehemu 3 kwa 1,000. Asilimia 8 zikipotea, milimita 24 zinapungua kwa zaidi kidogo ya nusu milimita upande mmoja, na kwa robo milimita hivi upande mwingine. Nusu milimita ni unene wa karatasi tano za ofisini zikipangwa pamoja, na mtu anaweza kuona ni kidogo. Lakini kibomba cha chuma hakikukonda pamoja na mti. Mpini sasa una umbo la yai ndani ya tundu la duara, umeshikwa pande mbili tu, na kila unapovuta rakleti unayumba kidogo na kujisaga.

Sasa tazama kinachotokea mpini huo ukilazwa majini. Mti unanyonya maji na kutaka kunenepa kupita tundu lake. Chuma hakiukubalii. Nyuzi za mti zilizo karibu na chuma zinakosa pa kwenda, zinajiponda zenyewe, na zikishapondwa hazirudi katika umbo la mwanzo. Kwa siku chache kichwa kinashika sana na mwenye nyumba anaridhika. Kisha maji yanatoka, mti unakonda, na safari hii unakonda kuanzia ule ukubwa uliopondwa. Unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Ukirudia mara ya pili, unajiponda tena. Mpini uliolowekwa kila wiki kwa kiangazi kizima hufika Oktoba ukiwa umepungua kiasi ambacho hakuna maji yatakayourudisha.

Fundi mmoja wa mbao ambaye siachi kupita kwake ninapokuwa Pweto alimweleza mteja jambo hilo kwa sentensi fupi kuliko zangu. Mama huyo alikuja na rakleti mkononi.

"Papa fundi, hii kichwa inatoka kila siku. Niliilaza mu maji usiku muzima."

"Mama, maji itaikamata leo. Nyuma ya wiki moja itatoka tena, na itatoka mubaya kupita."

Akauchomoa mpini na kumwonyesha ncha yake. Dalili za mti uliojiponda zinaonekana kwa macho na hazihitaji utaalamu. Ncha inang'aa kama iliyopigwa pasi, ina mstari mweusi wa maji na kutu pale mdomo wa chuma ulipoishia, na ukipitisha kidole kutoka sehemu iliyokuwa nje kwenda iliyokuwa ndani unahisi ngazi ndogo. Ngazi hiyo ndiyo unene uliopotea. Mpini ambao umekonda kwa msimu tu hauna ngazi wala mng'ao, umelegea basi. Huo wa pili unaweza kusaidiwa. Wa kwanza ncha yake imekufa na lazima ikatwe.

Niifuate rakleti ile mpaka mwisho, maana ilikuwa na karibu kila kosa linaloweza kupatikana. Kibomba chake kilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 24 mdomoni na kina cha sentimita 7. Mpini ulikuwa wa mkaratusi, mita 1 na sentimita 40, ncha yake imebaki milimita 22 na nusu, ina matundu matatu ya misumari ya zamani, na mpasuko ulioanzia kwenye tundu mojawapo na kupanda juu kwa urefu wa kidole.

Kwanza fundi alikata sentimita 12 za ncha, ili mpasuko wote utoke na si ncha iliyopondwa peke yake. Mpasuko ukiachwa hata kwa sentimita moja utaendelea kupanda kila kichwa kinapogongwa. Mpini ulibaki na mita 1 na sentimita 28. Kwa mama yule urefu huo ulitosha, ila kwa mtu mrefu ungemtesa mgongo, na hapo ni bora kutafuta mpini mpya kuliko kuokoa wa zamani.

Kama angehitaji mpya, jambo la kutazama si ugumu wa mti bali mwelekeo wa nyuzi zake na ukavu wake. Nyuzi zikitembea sambamba na mpini toka juu hadi chini, mpini utapinda kabla ya kuvunjika. Zikikatiza na kutokea ubavuni, utavunjika hapo zinapotokea, na kwa kawaida ni karibu na kichwa. Kuhusu ukavu, kila duka la Pweto lenye mizani lina kipimo. Pima mpini, uuning'inize kivulini chini ya bati, upime tena baada ya wiki. Ukiwa mwepesi zaidi, bado unatoa maji. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo, mti umefika. Mpini mbichi wa mkaratusi unahitaji miezi, na ncha zake mbili zipakwe rangi au nta ya mshumaa, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha na hapo ndipo nyufa huanzia. Mlombwa, ambao Tanzania wanauita mninga, unacheza kidogo sana kati ya misimu, na ndiyo maana mafundi wa milango wanaupenda. Kununua mbao ya mlombwa kwa ajili ya rakleti ni hasara, lakini mabaki membamba yanayotupwa kwenye karakana za vitanda na milango yakiwa na urefu wa kutosha yanatoa mpini usiokumbuka kiangazi.

Turudi kwa fundi. Ncha mpya aliichonga kwa kisu, kisha kwa tupa ya mbao, akiiacha nene kidogo kuliko tundu. Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho sijaona wengi wakikifanya, nacho ndicho siri ya kazi nzima. Alichukua kipande cha mkaa, akakisugua ndani ya kibomba mpaka chuma kikawa cheusi, akaingiza ncha kwa mkono, akaizungusha nusu mzunguko na kuichomoa. Weusi ulikuwa umeshika mahali pawili tu, upande mmoja karibu na mdomo na upande wa pili karibu na mwisho. Hapo ndipo mti ulipokuwa ukigusa chuma, na kwingine kote kulikuwa na hewa. Akapiga tupa penye weusi peke yake, akarudisha, akazungusha, akachomoa. Madoa yaliongezeka na kusambaa. Aliendelea hivyo mpaka weusi ukazunguka ncha yote. Mpini ulioingizwa bila kipimo hicho unaweza kuonekana umekaza sana kumbe umeshikwa na madoa mawili, na madoa hayo yakipondwa, ambayo ni kazi ya siku chache, kichwa kinacheza.

Alisimama kuchonga pale ncha ilipoingia kwa mkono hadi theluthi mbili ya kina cha kibomba. Theluthi iliyobaki ni ya nyundo. Ikiingia yote kwa mkono umechonga kupita kiasi. Ikikataa nusu ya njia, nyundo itaupasua mti au kuufungua mshono wa chuma. Na hakugonga kichwa. Alikiweka juu ya ubao mlaini, mpira ukining'inia pembeni ya ubao usiumie, kisha akagonga tako la mpini kwa gogo dogo mpaka sauti ikabadilika. Mpini unaoendelea kuingia hutoa sauti nzito, na unapofika hutoa sauti kali iliyokatika. Baada ya hapo kila pigo ni la kupasua.

Kabla ya kugonga alikuwa amefanya mambo mengine mawili. Alipaka ncha rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mkebe, hasa uso ule wa mwisho uliokatwa na msumeno, kwa kuwa huko ndiko vinyweleo vya mti vinapofungukia na ndiko maji huingia. Akaiacha ikauke mpaka kesho yake. Nta ya mshumaa iliyoyeyushwa inafaa pia. Mafuta ya mawese, ambayo watu wengine hupaka kwa sababu yapo jikoni, hayafai, maana hayakauki na mpini utateleza ndani ya chuma. Jambo la pili lilikuwa tundu dogo la milimita 5 alilolitoboa chini kabisa ya kibomba, upande unaotazama sakafu. Kibomba kilichozibwa mwisho wake hukusanya maji ya kila siku na kuuweka mti katika bwawa. Kikiwa na tundu, maji yanatoka.

Kisha akafunga. Hapa ndipo msumari na visi vinapotofautiana. Msumari huingia kwa kusukuma nyuzi kando, ndiyo maana hupasua, na ukiwa laini unatoka taratibu kwa kila mtikisiko. Visi vya mbao hukata njia yake na kujishika, mradi vipewe tundu la kutangulia. Kwa visi cha milimita 4, chuma hutobolewa milimita 4 na nusu ili kipite bila kukwama, na mti milimita 2 na nusu hadi 3. Alifunga viwili. Cha kwanza kilikuwa sentimita 2 kutoka mdomo wa kibomba, na cha pili sentimita 3 chini zaidi, kwenye ubavu mwingine, robo mzunguko kutoka cha kwanza. Vikikaa kwenye mstari mmoja vinafuata uzi mmoja wa mti, na uzi huo ndio utakaopasuka. Urefu wa sentimita 2 unatosha. Kirefu zaidi kitatokeza upande wa pili na kuchana kiganja cha mtu.

Ningependa pia mtu akague kibomba chenyewe kabla hajamlaumu fundi wa mbao. Rakleti za bei ya chini zina kibomba kilichokunjwa kutoka bati la unene wa milimita moja hivi, na mshono wake haukulehemiwa. Umekutana tu. Mpini ukigongwa, mshono unafunguka kama mdomo wa samaki, na kila ukigonga zaidi unafunguka zaidi. Mpini unaonekana mwembamba kumbe ni tundu linalokua. Dalili ni rahisi: chomoa mpini, tazama mshono mwangani. Ukiona mwanga kati ya kingo mbili mdomoni huku chini zinagusana, kosa ni la chuma. Dawa ni noleo. Mtu wa kulehemu anakunja duara la nondo ya milimita 6, analizungusha mdomoni mwa kibomba huku mpini ukiwa nje, anabana kingo zikutane na kulehemu duara na mshono kwa pamoja. Mpini ukiachwa ndani wakati wa kulehemu, ncha inaungua na kuwa mkaa, na utaanza upya. Pasipo na mashine ya kulehemu, au siku umeme umekatika, kolie ya chuma ya kubania mpira wa bomba, ile yenye visi ubavuni, ikikazwa mdomoni inafanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Fagio za plastiki zina hadithi nyingine, na kiangazi hakihusiki nazo sana. Mipini yake mingi ni bomba jembamba la bati lililovikwa plastiki ya rangi, na hesi iko kwenye kizibo cha plastiki kilichopachikwa mwishoni mwa bomba. Kichwa kikitoka, uliza kwanza kilichotoka ni nini. Kizibo kikibaki ndani ya kichwa na bomba likatoka tupu, hesi haina kosa lolote, ni bati lililopanuka au kuoza kwa kutu. Kata sentimita chache za bati lililooza, ingiza kizibo tena pamoja na kijiti kikavu kilichochongwa kikajaza bomba kwa urefu wa kiganja, na ufunge kwa visi viwili vifupi. Bila kijiti, visi havina cha kushika isipokuwa bati jembamba, na vitalegea.

Kizibo kikitoka pamoja na bomba, basi ni hesi. Na hapa wengi huuziwa vitu visivyolingana. Hesi za fagio hazifanani duniani. Mpini wa Kimarekani una kipenyo cha robo tatu ya inchi na hesi 5 katika kila inchi. Ulaya kuna aina nyingine, na hata katika maduka ya Ufaransa mnunuzi huchagua kati ya hesi ya Kifaransa na hesi ya Kiitalia, ambayo ni nene na yenye mwendo mrefu zaidi. Mjini Pweto bidhaa zinaingia kutoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasomeno na Kilwa, na nyingine zinavuka kutoka Zambia. Mara nyingi mwenye duka anapokea vichwa katika shehena moja na mipini katika nyingine, na anaviuza kana kwamba ni ndugu. Hesi mbili zisizolingana hukubaliana kwa mzunguko wa kwanza, labda na wa pili. Kisha zinakaza ghafla, mnunuzi anafurahi kwamba zimekaza, anaongeza nguvu, na kilele cha hesi ya kichwa kinanyolewa. Kuanzia hapo kichwa hicho hakitashika mpini wowote, hata ule uliokusudiwa.

Kipimo chake kifanyike dukani, kabla ya kulipa. Nenda na mpini wa zamani uliokuwa ukikifaa kichwa chako. Laza ncha yake ubavuni mwa ncha ya mpini mpya na uzinyanyue kuelekea mwangani. Vilele vya mmoja vikiingia kwenye mabonde ya mwingine toka mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupenya, hesi ni moja. Vikilingana mwanzoni na kupishana kadiri unavyosogea, rudisha. Kama unanunua vyote viwili, zungusha kwa vidole viwili tu. Hesi sahihi huenda mizunguko mitatu au zaidi bila kulazimishwa na kukaza pale bega la mpini linapogusa kichwa. Kukaza mapema huku bega likiwa bado mbali ni dalili ya mgongano.

Kuna pia hesi iliyo nzima kabisa, inayolingana, na bado kichwa kinajifungua. Hiyo inatokana na mkono. Hesi hizi hukaza kwa kuzungusha mpini kuelekea kulia. Mtu anayesukuma ufagio mbele huku kona ya kulia ya kichwa ndiyo inayokwama sakafuni, huenda kwa sababu anafuata ukuta au ukingo wa baraza, anaruhusu sakafu ikizungushe kichwa upande wa kukifungua. Akisukuma kwa kona ya kushoto, sakafu inakikaza. Anayevuta kuelekea kwake, mambo yanageuka. Jaribu mwenyewe uone, inachukua dakika moja. Ndiyo sababu ufagio mmoja hulegea kwa dada na haulegei kwa mdogo wake katika nyumba ileile.

Kwa kichwa ambacho hesi yake imenyolewa, kitambaa au mpira wa shambalera ya baiskeli uliozungushwa kwenye ncha ni wa siku chache, hasa penye maji, kwa kuwa unajikunja na kutoka. Njia inayodumu ni kuacha kuitegemea hesi. Chonga mpini wa mti uingie kwa kubana katika shingo ya plastiki, kwa kipimo kilekile cha mkaa, kisha toboa shingo na ufunge visi kimoja chenye wasa, sentimita moja na nusu kutoka mdomoni. Wasa ni muhimu, maana kichwa cha visi peke yake huzama katika plastiki na kuichana. Shingo ikiwa tayari ina ufa, toboa kitundu cha milimita 3 pale ufa unapoishia ili usiendelee, na uibane kwa kolie. Ufa uliofika kwenye meno ya ufagio hauna dawa, na ni afadhali kubakiza mpini na kutafuta kichwa kingine.

Baada ya matengenezo, mahali chombo kinapolala ndipo panapoamua muda wake. Rakleti iliyoachwa imesimama ndani ya ndoo hunywa maji usiku kucha. Ikisimamishwa kichwa juu, maji ya kitambaa yanateremka na kuingia kibombani. Itundikwe kwa tako la mpini, kichwa chini na mbali na sakafu, kivulini.

Na kwa nini Oktoba? Kwa sababu mwezi huo mti umefika ukondefu wake wa mwisho. Mpini ukichongwa sasa kwa kubana wastani, bila kujazwa kwa nguvu, mvua za Novemba zitaunenepesha na kuushikiza zaidi, na kiangazi kijacho kitaurudisha karibu na pale ulipokuwa siku fundi alipoupima. Mpini uleule ukichongwa Februari, katikati ya masika, utaonekana umekaza vizuri kuliko wote na utakuwa huru kufikia Agosti. Fundi hana kosa hapo, alipima mti ulionenepa. Anayelazimika kutengeneza wakati wa mvua auweke mpini chini ya bati karibu na jiko, si juu ya moto, kwa wiki mbili tatu kabla ya kuuchonga, na visi avikaze tena kiangazi kikifika.

Kwa wenye maduka wa Pweto na wale wa Lubumbashi wanaowapelekea mizigo, ombi langu ni moja. Msitenganishe vichwa na mipini iliyokuja navyo katika shehena moja. Vifungeni pamoja kwa kamba toka ghalani, na vile visivyo na mwenzake viuzwe kwa jina hilo, ili mama anayenunua kichwa kitupu ajue kwamba anapaswa kuja na mpini wake wa zamani mkononi.